LD Imewaka, Je, Saa Iko Tayari? Kutatua Matatizo ya Kushika kwa PLL

Ukichukua moduli ya ADF4351, ile bodi ndogo yenye osileta ya 25 MHz inayouzwa kwa mafundi wa redio, mara nyingi utakuta ina taa ndogo iliyounganishwa na LD, pini ya kuonyesha kushika. Taa ikiwaka, fundi anahesabu kuwa PLL, yaani kitanzi kinachofunga awamu ya osileta kwenye saa rejea, imeshika na kazi imekwisha. Isipowaka, anaanza kuilaumu chipu. Hukumu zote mbili ni za haraka, kwa sababu pini hiyo inajibu swali moja dogo sana, na ukilijua swali lenyewe utaweza kusoma karibu kila tatizo linalokuja mbele yako.

Nitatumia ADF4351 mwanzo hadi mwisho kwa sababu rejista zake zinaeleweka na wengi wanayo mezani. Kanuni zenyewe ni zilezile kwenye PLL iliyo ndani ya maikrokontrola au FPGA, isipokuwa huko hupewi nafasi ya kugusa vitu vingi.

Mzunguko unaamuaje?

Katikati ya PLL kuna kilinganishi cha awamu, kwa kifupi PFD. Upande mmoja kinapokea saa rejea iliyogawanywa kwa R, upande wa pili kinapokea mapigo ya VCO, osileta inayoongozwa kwa volti, yaliyogawanywa kwa N. Pigo la upande mmoja likitangulia, PFD inaiamuru pampu ya chaji isukume au ivute mkondo kwa muda uleule wa tofauti. Mkondo huo unaingia kwenye kichujio na kuwa volti, yaani VTUNE, na volti hiyo ndiyo inayopandisha au kushusha masafa ya VCO. PLL ikishashika, mapigo ya pande zote mbili yanafika karibu wakati mmoja, na pampu inabaki kutoa vipande vyembamba tu vya mkondo.

Kitambuzi cha kushika kinakaa hapohapo kwenye PFD na kupima tofauti hiyo kila mzunguko. Tofauti ikiwa ndogo kuliko dirisha lililowekwa, kihesabio kinapanda kwa moja. Ikizidi dirisha, kihesabio kinarudi sifuri. Kikifikisha idadi iliyotakiwa bila kukatizwa, LD inapanda juu.

Kwenye ADF4351 dirisha unalichagua kwa biti ya LDP na idadi ya mizunguko kwa biti ya LDF, zote ziko rejista R2. Kwa hali ya sehemu, yaani N isiyo namba kamili, inatakiwa dirisha la nanosekunde 10 na mizunguko 40, nazo biti zote mbili zinakuwa 0. Kwa hali ya namba kamili inatakiwa nanosekunde 6 na mizunguko 5, biti zote mbili 1. Chipu ya zamani zaidi, ADF4106, ina jambo jingine la kujifunza: inahitaji tofauti iwe chini ya nanosekunde 15 ili LD ipande, lakini ikishapanda haishuki mpaka tofauti ipite nanosekunde 25. Pengo hilo kati ya kuingia na kutoka limewekwa makusudi ili LD isipepese pale tofauti inapochezacheza mpakani.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hulipita. Dirisha limepimwa kwa nanosekunde, na nanosekunde hazibadiliki. Lakini mzunguko wa PFD unabadilika kulingana na R uliyochagua. Nanosekunde 10 ni robo ya mzunguko PFD ikiwa 25 MHz, ila ni sehemu moja kati ya mia tano ikiwa 200 kHz. Kitambuzi ni kilekile, dirisha ni lilelile, ila ukali wake umebadilika kabisa. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inarudi kwenye ukweli huo.

Tuchukue mfano mmoja na tutembee nao: tunataka 868.3 MHz kwenye tokeo. VCO ya chipu hii inafanya kazi kati ya 2200 na 4400 MHz, kwa hiyo tunaiweka 3473.2 MHz na kugawanya kwa 4. Kuna njia mbili za kufika hapo.

Njia ya kwanza ni kuacha PFD kwenye 25 MHz. N inakuwa 138.928, yaani 138 na 116/125: INT ni 138, FRAC ni 116 na MOD ni 125. Hiyo ni hali ya sehemu.

Njia ya pili ni kuweka R kuwa 125, PFD ikawa 200 kHz. N inakuwa 17366 kamili, na tunatumia hali ya namba kamili.

Tokeo kwenye karatasi ni lilelile. LD ya njia hizi mbili, hata hivyo, ina tabia tofauti kabisa.

Dalili: LD haipandi kabisa, au iko juu tangu umeme ulipoingia

Kabla ya kugusa kichujio au kubadilisha chipu, angalia kama pini yenyewe imeruhusiwa kusema. Kwenye R5, biti za 23 na 22 ndizo zinazoamua LD itoe nini. Thamani `0x00580005` inaipa pini kazi ya kuonyesha kushika. Ukiandika `0x00180005`, pini inafungwa chini daima, hata PLL ikishika vizuri namna gani. Ukiandika `0x00D80005`, inafungwa juu daima, na hapo taa itakudanganya tangu sekunde ya kwanza. Jaribio la kuthibitisha ni rahisi: zima pampu ya chaji kwa biti ya DB4 ya R2, kisha andika tena R0. LD ikibaki juu huku PLL haina njia ya kuisukuma VCO, basi hiyo si LD, ni volti iliyofungwa.

Kuna tatizo jingine la umeme mtupu linalowakuta wanaotumia Arduino Uno. ATmega328P inayokula volti 5 inahakikisha kusoma "juu" kuanzia volti 3.0, lakini tokeo la ADF4351 linahakikishiwa volti 0.4 pungufu ya umeme wake, yaani 2.9 kama inakula 3.3. Mara nyingi inasomeka, siku nyingine haisomeki, na fundi anatafuta kosa kwenye PLL wakati kosa liko kwenye waya wa kusomea. Upande wa kuandika ni mbaya zaidi, maana pini za kuingiza data za chipu hii hazikuundwa kubeba volti 5. Tumia bodi ya volti 3.3, au weka kibadilishi cha volti katikati.

Kama pini imepangwa sawa na bado iko chini, pima VTUNE kwa mita. Hapa ndipo ukweli ulipo. VTUNE ikikaa katikati, tuseme kati ya volti 0.5 na 2.5, kitanzi kinafanya kazi na tatizo liko kwa kitambuzi, kwa hiyo nenda kwenye dalili ya tatu. VTUNE ikiwa imeganda karibu na sifuri au karibu na umeme wa juu, kitanzi kimefika mwisho wa nguvu zake na VCO haiwezi kufika inakotakiwa.

VTUNE iliyoganda ina sababu chache za kweli. Ya kwanza ni polariti ya PFD iliyogeuzwa: kwa kichujio cha kawaida cha rezista na kapasita, biti ya DB6 ya R2 lazima iwe 1, la sivyo kila sahihisho linaongeza kosa. Ya pili ni saa ya kuchagua bendi ya VCO. ADF4351 huchagua bendi yake kila unapoandika R0, na saa inayoendesha uchaguzi huo haitakiwi kupita 125 kHz katika mpangilio wa kawaida. Kwa PFD ya 25 MHz, kigawanyi chake kwenye R4 kinapaswa kuwa 200. Ukinakili programu iliyoandikwa kwa PFD ya 10 MHz yenye kigawanyi cha 80, saa hiyo inakuwa 312.5 kHz, chipu inachagua bendi haraka kupita uwezo wake, inakosea, na VTUNE inagonga ukuta ikijaribu kuivuta VCO kutoka bendi isiyo yake.

Sababu ya tatu ni kwamba saa rejea haifiki. Hapa MUXOUT ni msaada mkubwa, na nashangaa jinsi inavyosahaulika. Biti za 28 mpaka 26 za R2 zikiwa `011`, pini ya MUXOUT inatoa saa baada ya kigawanyi cha R. Zikiwa `100`, inatoa tokeo la kigawanyi cha N. Weka osiloskopu hapo. Kama R haitoi kitu, tatizo liko kwenye osileta au njia yake, na hakuna rejista ya PLL itakayolitatua. Kama R inatoa 25 MHz na N inatoa kitu tofauti, basi umeona kwa macho yako ni umbali gani VCO imekosa.

Dalili: LD iko juu, lakini masafa si yale

Hii huwachanganya watu, lakini haina utata. Kitambuzi kinalinganisha mapigo mawili yaliyo mbele yake. Hakijui ulitaka 868.3 MHz. Ukikosea namba, PLL itashika kwa uaminifu kwenye namba uliyokosea.

Kosa la kawaida ni osileta tofauti na ile iliyo kwenye programu. Tuseme bodi ina osileta ya 26 MHz na programu inadhani ni 25. N bado ni 138.928, kwa hiyo VCO inakwenda 3612.128 MHz na tokeo linakuwa 903.032 MHz. LD itawaka bila wasiwasi. Tena hapo VCO imevuka 3600 MHz, ambao ni ukomo wa kigawanyi cha awali cha 4/5, kwa hiyo kama hukuweka 8/9 utaona LD ikipanda siku moja na kukataa siku nyingine, kutegemea joto la chipu.

Njia ya kutambua: gawanya masafa uliyopima kwa yale uliyotaka. Hapa 903.032 gawanya kwa 868.3 inatoa 1.04, ambayo ni 26 gawanya kwa 25. Uwiano wa aina hiyo unakuelekeza moja kwa moja kwenye saa rejea. Uwiano ukiwa 2 au nusu, angalia kigawanyi cha tokeo au kizidishi cha rejea. Tofauti ikiwa ni sehemu chache tu kwa milioni, namba zako ni sahihi na osileta yenyewe ndiyo imeegemea upande.

Dalili: masafa ni sahihi, lakini LD inapepesa au haipandi

Hapa ndipo nguvu ya mfano wetu inapoonekana. Unapima tokeo kwa kihesabio cha masafa na linasoma 868.3 MHz, limetulia. VTUNE iko katikati. Lakini LD iko chini, au inapanda na kushuka.

Anza na mpangilio wa biti mbili. Ukiwa hali ya sehemu na umeweka dirisha la nanosekunde 6 na mizunguko 5, unakipa kitambuzi masharti ambayo hayakukusudiwa kwa hali hiyo. Katika hali ya sehemu N inabadilishwa kila mzunguko ili wastani wake uwe 138.928, kwa hiyo tofauti ya awamu haikai mahali pamoja hata PLL ikiwa imeshika. Inaruka kwa vipande vya muda wa VCO, ambao hapa ni nanosekunde 0.288. Ndiyo maana hali hii imepewa dirisha pana na hesabu ndefu.

Kama biti ziko sawa, fikiria uvujaji kwenye kichujio. Uvujaji ni mkondo mdogo unaotoroka kutoka kwenye kapasita za VTUNE: flaksi iliyobaki chini ya kipande, kapasita mbovu, unyevu. Ili VTUNE isishuke, pampu inalazimika kurudisha chaji iliyotoroka kila mzunguko, na njia pekee ya kufanya hivyo ni PFD kukubali tofauti ya kudumu kati ya mapigo mawili. Tofauti hiyo unaipata kwa hesabu hii:

```
tofauti = (mkondo unaovuja / mkondo wa pampu) x mzunguko wa PFD
```

Chukua pampu ya 2.5 mA. Katika njia ya pili, mzunguko wa PFD ni maikrosekunde 5 na dirisha ni nanosekunde 6. Uvujaji wa maikroampea 3 tu unatosha kuijaza nafasi yote ya dirisha. Katika njia ya kwanza, mzunguko ni nanosekunde 40 na dirisha ni 10, kwa hiyo ungehitaji uvujaji wa maikroampea 625 kufikia mahali hapohapo. Kichujio kilekile, uchafu uleule, na bado njia moja LD inakataa huku nyingine haitambui kwamba kuna tatizo.

Kwa hiyo ukibadilisha R kutoka 1 hadi 125 kwa sababu ulitaka kuondoka hali ya sehemu, na LD ikaanza kupepesa, usikimbilie kulaumu chipu. Safisha bodi kwa alkoholi, ikaushe, na upime tena. Ongeza mkondo wa pampu uone kama kupepesa kunapungua. Kukipungua, umethibitisha uvujaji, kwa sababu mkondo mkubwa wa pampu unafupisha tofauti inayohitajika. Na ukumbuke kwamba kichujio kilichopangwa kwa PFD ya 25 MHz hakifai kwa 200 kHz. N imekua mara 125, nguvu ya kitanzi imeshuka kwa kiasi hicho, na kitanzi kinaweza kuyumba muda mrefu kabla ya kutulia. Hapo kupepesa ni kweli tupu: LD inakuambia kitanzi chenyewe hakijatulia, na dawa ni kukokotoa upya kichujio.

Kifaa cha kupimia nacho kinaweza kuwa ndicho mkosaji. Probu ya ×1 yenye ukinzani wa megaohm 1, ukiigusisha kwenye VTUNE ya volti 1.8, inavuta maikroampea 1.8. Pampu ikiwa kwenye kiwango chake cha chini cha 0.31 mA na PFD 200 kHz, tofauti inayozaliwa ni kama nanosekunde 29, na LD inaanguka pale pale unapogusa. Ukiondoa probu, LD inapanda. Tumia ×10, au ongeza mkondo wa pampu kabla ya kupima.

Dalili: LD imepanda, lakini vifaa vinavyofuata vinaanza vibaya

Hii ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa sababu fundi ana ushahidi mkononi kwamba PLL imeshika, na kwa hiyo anatafuta kosa mahali pengine kabisa. Kigeuzi cha ADC kinaanza na namba za ajabu, kiungo cha data kinakataa kuungana mara ya kwanza na kukubali ya pili.

Rudi kwenye hesabu ya kitambuzi. Njia ya kwanza, mizunguko 40 ya 25 MHz ni maikrosekunde 1.6. Fikiria VCO bado haijafika, iko pembeni kidogo. Mapigo mawili yanateleza yakipishana, na tofauti yao inakua pole pole kutoka sifuri hadi mzunguko mzima, kisha inaanza upya. Kila inapopita sehemu ya kwanza, chini ya nanosekunde 10, kihesabio kinahesabu. Mteremko ukiwa wa taratibu kiasi kwamba tofauti inachukua zaidi ya maikrosekunde 1.6 kufika nanosekunde 10, kihesabio kinafikisha 40 na LD inapanda. Nanosekunde 10 gawanya kwa maikrosekunde 1.6 ni asilimia 0.625. Kwenye tokeo la 868.3 MHz, hiyo ni takriban 5.4 MHz.

Maana yake ni kwamba VCO inaweza kuwa imekosa kwa megahertz kadhaa, bado iko njiani, na LD ikapanda kwa muda mfupi. Haitadumu, kitambuzi kitaishusha baadaye kidogo, lakini kama saketi yako inaachilia reset ya mfumo mara tu inapoona ukingo wa kwanza wa LD, umeshaamsha kila kitu juu ya saa isiyotulia.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa njia ya pili. Mizunguko 5 ya 200 kHz ni maikrosekunde 25, na dirisha ni nanosekunde 6. Uwiano ni asilimia 0.024, sawa na 208 kHz kwenye tokeo. Kitambuzi kimekuwa mkali zaidi ya mara ishirini upande wa masafa, kwa gharama ya kuwa mwepesi wa kuudhiwa na uvujaji. Hakuna mpangilio unaoshinda pande zote mbili. Hiki ndicho ninachotaka mtu anayepanga PFD akijue kabla hajachagua R.

Dawa ya LD kuwahi kupanda ni muda. Usikubali LD mpaka ikae juu mfululizo kwa kipindi kirefu kuliko utulivu wa kitanzi. Uchaguzi wa bendi peke yake unachukua mizunguko 10 ya saa yake, ambayo kwa 125 kHz ni maikrosekunde 80. Kichujio chenye upana wa 20 kHz kinahitaji, kwa makadirio ya kawaida, mara nne hadi tano ya kinyume cha upana huo, yaani maikrosekunde 200 mpaka 250. Kwa hiyo milisekunde moja ya LD isiyokatika ni sharti lisilo na gharama:

```c
bool saa_imetulia(void)
{
    uint32_t mwanzo = micros();
    while (micros() - mwanzo < 1000) {
        if (digitalRead(PINI_LD) == LOW)
            return false;
    }
    return true;
}
```

Programu hii ina udhaifu wake. Inasoma pini kila baada ya maikrosekunde kadhaa, na LD ikishuka na kupanda katikati ya masomo mawili haitaona. Kama unayo FPGA au hata fliflopu moja, weka kumbukumbu inayonaswa na ukingo wa kushuka, kisha isome mwishoni mwa kipindi. Kwenye maikrokontrola, tumia katizo la ukingo wa kushuka. Kupanda kusubiriwe, kushuka kusikilizwe papo hapo. Na kama tatizo lako ni kwamba tokeo linarusha masafa yasiyotakiwa kabla ya kushika, washa biti ya DB10 ya R4. Hiyo inanyamazisha tokeo la redio mpaka LD ipande, ingawa inategemea LD ileile, pamoja na mapungufu yake yote.

Kuna kitu ambacho hata milisekunde nzima haitakuonyesha. Nanosekunde 10 ni zaidi ya mizunguko minane ya tokeo la 868.3 MHz. Mtetemo wa saa wa pikosekunde kumi au mia, ule unaoharibu ADC ya kasi, unapita ndani ya dirisha bila kuguswa. Kama ADC inatoa kelele huku LD imetulia, chunguza umeme wa VCO na upana wa kichujio kwa kichanganuzi cha spektra. LD haina neno la kukuambia hapo.

Dalili: saa imekufa, LD bado iko juu

Kitambuzi kinahesabu mizunguko ya rejea. Rejea ikikatika ghafla, kwenye miundo mingi kihesabio kinakosa pigo la kukisukuma, na LD inaweza kuganda pale ilipokuwa, juu. VCO nayo inaanza kuvutwa chini kwa sababu PFD inaona mapigo ya upande mmoja tu. Ukiitegemea LD peke yake, hutajua.

Jaribu mwenyewe mezani: ikate rejea PLL ikiwa imeshika na uangalie LD kwenye osiloskopu. Ikibaki juu, unahitaji mlinzi wa pembeni anayetumia saa nyingine. Watengenezaji wanalijua hili. STM32 zina CSS, mfumo unaoangalia kristali ya HSE, na ikifa unahamisha chipu kwenye saa ya ndani ya HSI na kupiga katizo la NMI. MMCM, vizalishi vya saa vilivyo ndani ya FPGA za Xilinx za mfululizo wa 7, zina tokeo la CLKINSTOPPED mbali na LOCKED, na LOCKED ikishuka MMCM inatakiwa ipigwe reset, isiachwe ijirudie yenyewe.

Kwenye STM32F4 kuna sura ya kinyume ya tatizo hilihili. Kristali haikuanza, programu imesimama milele kwenye mstari huu, na bodi inaonekana imekufa:

```c
while (!(RCC->CR & RCC_CR_PLLRDY));
```

Weka ukomo wa kusubiri. Ukifika, soma `HSERDY` kwanza. Ikiwa 0, tatizo ni kristali au kapasita zake, na PLL haijapewa hata nafasi ya kuanza. Ikiwa 1 na `PLLRDY` bado 0, hakiki vigawanyi vya M na N, kwani chipu inataka masafa ya kuingia kwenye VCO yawe kati ya 1 na 2 MHz.